Usiku wa pirith nyumbani kwa wakwe zangu, na birika la chai ya maziwa lililoniumbua

Nianze na chai maana ndo iliyoniumbua. Ilikuwa saa mbili usiku, watawa kumi na wawili wa Kibudha waliokuja kutusomea pirith, yaani mafundisho ya Budha ya kulinda nyumba, wamekaa sebuleni kwetu huku Sri Lanka na majoho yao ya rangi ya machungwa yaliyoiva, na mi natoka jikoni na birika kubwa la chai ya maziwa, ina iliki, ina tangawizi, sukari ya kutosha, chai ya Kitanga kabisa, nimeipika mwenyewe na tumbo langu la miezi minane na najiona mke wa maana. Amma akanikuta mlangoni (amma kwa Kisinhala ni mama, mama mkwe wangu simwiti vingine). Akaangalia birika, akaniangalia mimi, akalichukua taratibu kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akalirudisha jikoni bila kusema neno.

Kumbe mtawa wa Kibudha ikishapita saa sita mchana hali tena mpaka kupambazuke kesho yake, na maziwa kwao ni chakula. Sio kwamba angekasirika, angekaa tu na kikombe mbele yake bila kukigusa na nyumba nzima ingejua kuna mtu kakosea jikoni. Jioni wanapewa kinachoitwa gilanpasa, neno ambalo asili yake ni dawa ya mgonjwa, yaani vitu vya kutuliza koo na tumbo tu: chai ya rangi, maji ya giligilani yaliyochemshwa, tangawizi, asali, na sukari guru inayomegwa vipande unaweka mdomoni unanywea chai kavu. Watu wanaoenda kusoma kwa sauti mpaka alfajiri, koo ndo mtaji wao. Basi tukachemsha upya, chai ya rangi na tangawizi ya kuponda, nkaruhusiwa kuibeba mwenyewe, na birika langu la maziwa likamalizwa na wapiga ngoma huko uani, wakaja kuulizia kama lipo lingine. Nkafarijika kidogo.

Sasa niwaeleze ilikuwaje mpaka nikawa huko. Mi ni Mkatoliki wa Tanga, mume wangu ni Msri Lanka tulikutana Dar, alikuwa anafanya kazi kiwandani. Miaka yote hiyo Dar nilikuwa napita Upanga nje ya hekalu la Wabudha la Wasri Lanka na sijawahi hata kujiuliza ndani kuna nini, alafu leo niko kijijini upande wa Kegalle, katikati ya Kolombo na Kandi, mashamba ya mpira kila upande, naishi na wakwe. Nilipofikisha mimba miezi saba Amma akaanza kusema lazima tufanye pirith kabla mtoto hajaja, na si pirith ya saa moja ile ya kawaida, anataka ya usiku kucha, maana na vyumba viwili vya nyuma ndo vilikuwa vimeisha kujengwa, kwa hiyo tunaunganisha nyumba na mtoto.

Pirith kwa Kipali, lugha ya vitabu vyao, wanaita paritta, maana yake ulinzi. Ni mafundisho ya Budha, mengine mafupi mengine marefu, yaliyokusanywa kwenye kitabu kimoja ambacho kila nyumba ya Wabudha huko wanacho, na watawa wanayasoma kwa sauti ya kuvuta, sio wimbo na sio maongezi, iko katikati. Ipo ya jioni moja saa moja hivi, ipo ya usiku kucha, ipo ya siku saba. Ya usiku kucha wanaiita tis peyak, peya thelathini. Peya moja ni kipimo cha zamani cha dakika 24, kwa hiyo thelathini ni saa kumi na mbili, usiku mzima kwa hesabu ya wazee, ingawa siku hizi wengi wanaanza saa tatu usiku na kumaliza kunapopambazuka.

Kitu kimoja kilinichukua muda kukielewa. Mi nilidhani watawa wanakuja kutuombea, kama padri anavyokuja kubariki nyumba, au kama jirani zetu Tanga wakisoma hitma. Mume wangu akaniambia hapana, hakuna anayeombwa. Wanachofanya ni kusema ukweli. Yaani aya inataja jambo la kweli, alafu inafunga kwa kusema kwa ukweli huu, uwe salama. Nguvu iko kwenye ule ukweli na kwenye moyo wa anayesema na anayesikia. Nkasema sawa, lakini kichwani nilikuwa sijaelewa, nilikuja kuelewa usiku wenyewe tena baada ya kugombezwa.

Maandalizi yalianza wiki mbili kabla. Baba mkwe na mume wangu walienda hekaluni na majani ya tambuu, maana huko humwaliki mtawa kwa simu tu (simu unapiga, lakini alafu unaenda), unampa tambuu kwa mikono miwili, unainama mpaka chini, unasema shida yako. Mtawa mkuu akauliza mambo ya kawaida kabisa: nyumba iko wapi, gari lipo la kuwachukua, watu wangapi watakuwepo, nani mgonjwa. Alivyosikia mimba miezi minane swali lake la kwanza likawa naenda kliniki? Mume wangu akasema naenda. Akasema vizuri, asiache, hata wiki hiyo ya pirith asiache.

Alafu kikaanza kibanda. Katikati ya sebule wanajenga mandapaya, kibanda cha pembe nane au nne, chetu cha pembe nne maana sebule ndogo, cha fito na mbao, kimevalishwa karatasi nyeupe zilizokatwa mapambo kama lesi, na makuti machanga, yale ya njano ya katikati ya mnazi, wanayachana na kuyakunja yanakuwa maua na kufuli na minyororo, mi mtoto wa Tanga nimezaliwa chini ya mnazi sijawahi kuona mtu anafanya vile. Kijiji kizima kilikuja kusaidia siku mbili, vijana wanachana makuti, wazee wanasahihisha. Darini mwa kibanda linatandazwa chandalua la kitambaa cheupe, na chini yake wananing'iniza majani ya tambuu. Ndani meza na viti vyote vimefunikwa vitambaa vyeupe, na upande mmoja kiti cha watu wawili, wanaita yugasanaya, hicho ndo kiti cha wasomaji wa zamu.

Mlangoni mwa kibanda, kulia na kushoto, mitungi miwili iliyojaa, imechomekwa maua ya mnazi yaliyopasuka kwenye karara, na juu yake kitaa kidogo cha mafuta ya nazi. Na mezani wanaweka mchanganyiko wa vitu vitano: bisi za mpunga, chenga za mchele, haradali nyeupe, matumba ya asmini yasiyofunguka, na majani fulani membamba kama ukoka. Kazi ya matumba ya asmini nilipewa mimi na akka, dada yake mume wangu. Unayachuma jioni kabla hayajafunguka, maana yakifunguka hayafai. Hiyo nayo tulikosea mara ya kwanza, tulichuma mapema tukayaweka jikoni kwenye joto, tukarudi tukakuta yamechanua yote yananukia nyumba nzima, ikabidi tukachume mengine kwa jirani.

Vitu viwili ndo kiini cha yote: uzi na maji. Maji ni mtungi mpya wa udongo, umejazwa maji safi ya kisima, unakaa mezani katikati ya watawa usiku kucha. Uzi ni wa pamba mweupe, nyuzi tatu zimesokotwa pamoja. Unaanzia kwenye kasha la masalia ya Budha, unapita kwenye kitabu, unazungushwa shingoni mwa mtungi wa maji, watawa wanaushika mikononi wakati wa kusoma, unazunguka kibanda, alafu unatoka nje kuja kwetu tuliokaa chini kwenye mikeka na kila mtu anaushika. Mpira mzima wa uzi unakaa pembeni kwa ajili ya asubuhi. Mzee mmoja wa kijiji ndo fundi wa uzi, hakuna mwingine anayeugusa siku hiyo, na alikuwa mkali kuliko watawa wote.

Jioni ya siku yenyewe nyumba haina nyama, haina samaki, haina pombe (huo ni utaratibu wa kwetu, nimeona nyumba nyingine wanapika samaki kwa ajili ya asubuhi), kila mtu kavaa nyeupe, viatu viko nje. Kama saa moja na nusu tukasikia ngoma zinatoka upande wa hekalu. Mbele wapiga ngoma na mpiga zumari, alafu mwanaume amebeba kasha la masalia kichwani juu ya mto mweupe, wengine wamemshikia chandalua juu yake, kitabu nacho kinabebwa hivyohivyo, alafu watawa kwa mstari, mkubwa mbele, samanera, yaani watawa wanafunzi, wadogo mwisho, mmoja alikuwa kama wa miaka kumi na miwili anajikaza asicheke. Mlangoni kuna beseni na maji. Mume wangu anamwosha kila mtawa miguu, mdogo wake anaifuta kwa taulo, alafu wanakanyaga kitambaa cheupe kilichotandikwa mpaka ndani. Mume wangu ni mtu wa kujisikia kidogo, tusidanganyane, na nilimwona pale chini amepiga magoti anaosha miguu ya mtoto wa miaka kumi na miwili yenye vumbi, anaosha vizuri hadi katikati ya vidole.

Wakanywa gilanpasa, chai yangu ya pili ikasifiwa, wakaingia kibandani. Kwanza sisi tukachukua amri tano, tunarudia baada ya mtawa: kutoua, kutoiba, kutofanya zinaa, kutodanganya, kutokulewa. Ndo kila shughuli yao inavyoanza, unajisafisha kwanza kabla hujasikiliza. Alafu mtu wa kawaida sio mtawa akasimama akakaribisha miungu ije isikilize, na huko wanasema miungu nayo ni wasikilizaji kama sisi, inakaribishwa kukaa, haiombwi. Ngoma zikapigwa mara ya mwisho, zikanyamaza, na saa tatu kasoro watawa wote kumi na wawili wakaanza kwa pamoja.

Jamani ile sauti. Sina neno. Wote pamoja, wanavuta, mmoja akikata pumzi mwenzake yuko katikati ya neno, kwa hiyo sauti haina tundu. Saa moja ya kwanza wanasoma zile tatu kubwa. Ya kwanza ni ya baraka, inahesabu baraka thelathini na nane, na hakuna hata moja ya ajabu: usikae na wapumbavu, tunza mama na baba, kaa mahali panapofaa, uwe na kazi isiyo na fujo. Ya pili ni ya vito, hiyo ndo yenye kisa cha maji, maana wanasema mji wa Vesali ulipatwa na njaa na maradhi na mapepo kwa pamoja, Budha akamfundisha mwanafunzi wake Ananda ile sutta, yaani lile fundisho, Ananda akazunguka mji anaisoma na kunyunyiza maji kutoka kwenye bakuli la Budha. Ya tatu ni ya upendo kwa viumbe vyote, inasema kama mama anavyomlinda mwanae wa pekee kwa maisha yake mwenyewe, hivyo uwe na moyo kwa kila kiumbe. Akka aliniminya mkono walipofika hapo.

Ile saa ilipoisha watawa kumi wakainuka kwenda kupumzika, wakabaki wawili kwenye kile kiti cha pamoja, na usomaji wa zamu ukaanza. Na mi nkaanza kosa langu la pili.

Kichwani nilikuwa na akili ya shughuli za kwetu. Kwetu Tanga mwenye shughuli hakai. Kama kwenu kuna msiba au hitma au komunyo, mama wa nyumba ndo wa mwisho kukaa na wa kwanza kuamka, yuko jikoni, anahesabu sahani. Basi nkajitoa mkekani polepole, nkaenda uani kwenye masufuria, maana asubuhi kuna kulisha watawa kumi na wawili na watu wa kijiji. Nakuna nazi. Naona nafanya jambo la maana kuliko wanaosinzia kule ndani. Kama saa tano usiku Amma akanifuata. Safari hii alisema. Akasema, duwa, (maana yake binti, na kila akiniita hivyo mi masikio yangu ya Kiswahili yanasikia dua) duwa, hawa wamekuja kumsomea nani?

Nkasema kumsomea mtoto.

Akasema mtoto yuko wapi? Nkashika tumbo. Akasema basi mbona umemleta jikoni kusikiliza mbuzi ya nazi.

Akanichukua kwa mkono. Njiani akanieleza kwa Kisinhala cha polepole anachonitumia mimi, kwamba watawa wakisoma na hakuna anayesikiliza, wao wamefanya kazi yao lakini nyumba haijafanya ya kwake. Kupika kunaweza kufanywa na yeyote, ndo maana jirani wako jikoni, ni zamu yao, na kwao siku ikifika sisi ndo tutakuna nazi. Ila kusikiliza hakuna wa kukusikilizia. Mtawa mkuu baadaye alinieleza hilohilo kwa namna ya kitabu zaidi, kwamba kuna mambo matatu yanayozuia pirith isimfae mtu: matendo yake ya nyuma yaliyomzidi uzito, uchafu wa moyo wake wa sasa, na kutoamini. Nkamuuliza mi Mkatoliki je, la tatu hilo si linanihusu? Akacheka, akasema wewe sikiliza yale maneno ya mama na mwanae wa pekee, yaamini hayo tu, hayo unayaamini tayari. Jibu la ujanja lakini sikuwa na la kumrudishia.

Basi nkakaa. Walinitandikia godoro ukutani chini ya dirisha, uzi unapita mkononi mwangu na mwingine wamenilaza juu ya tumbo. Hapo ndo nkaanza kuona mpangilio ambao nikiwa jikoni nisingeuona. Kila baada ya kama saa moja wanakuja wawili wapya. Hawangoji wenzao wamalize. Wanakaa pembeni, wanaanza kusoma ileile sentensi pamoja nao, sauti nne kwa muda mfupi, alafu wale wa zamani wanapungua wanaacha wanainuka. Kwa hiyo kuanzia saa tatu mpaka alfajiri hakuna sekunde ya kimya. Na sisi wa nyumbani tukawa na zamu yetu vilevile, hakuna aliyeitangaza ila kila mtu anaijua: lazima awepo mtu macho kwenye mkeka, lazima awepo mtu wa kuongeza mafuta kwenye vitaa, lazima awepo mtu wa kupeleka maji ya moto kwa zamu inayokuja. Baba mkwe hakulala kabisa. Mume wangu alilala kama gogo kuanzia saa saba, mdomo wazi, uzi umo mkononi, na hakuna aliyemwamsha, wanasema hata aliyelala anasikia. Sijui, alikuwa anakoroma.

Saa nane na kitu ndo ikatokea. Mtu kwa kunionea huruma na joto alikuwa ameniletea feni, kaielekeza kwangu. Upepo wake ukawa unasukuma ule uzi unaotoka kibandani, unalegea, unayumba, na mi naangalia tu nusu usingizi naona unapendeza, mpaka ukagusa kile kitaa cha juu ya mtungi wa kushoto. Ukashika. Moto mdogo tu, unatembea kwenye pamba kama utambi, na makaratasi ya kibanda yako kama shibiri mbili pembeni. Nkapiga kelele, kwa Kiswahili, "moto!", hakuna aliyeelewa neno lakini sauti walielewa. Yule mzee wa uzi alikuwa kama amesinzia, akaruka akaubana moto kwa vidole vyake viwili, akauma meno, kwisha. Uzi ulikuwa umekatika.

Watawa wawili hawakunyamaza. Hata hawakupunguza sauti. Mmoja aligeuza macho, akaona moto umezimwa, akarudisha macho kwenye kitabu. Sisi huku tumeganda, Amma kashika kifua, akka ananiangalia mimi, na mi mwenyewe nawaza uzi umekatikia kwangu mwenye mimba, hii ishara gani hii. Yule mzee akachomoa kipande kutoka kwenye mpira, akafunga fundo juu, fundo chini, akaupitisha sehemu ya juu zaidi akaubana kwenye fito, akaizima feni, akanirudishia ncha mkononi bila kunitazama. Basi. Asubuhi nilipomuuliza mtawa mkuu kuhusu ishara akasema ishara ni kwamba feni iliwekwa vibaya. Kwa hiyo kama kuna mtu anasoma hapa na ana shughuli hii: uzi upite juu ya usawa wa vitaa, sio chini wala sambamba, ubanwe kila baada ya hatua moja, na feni iangalie ukutani. Na ndoo ya maji iwe karibu, sisi hatukuwa nayo, maji yote yalikuwa ndani ya ule mtungi ambao hakuna ambaye angethubutu kuumwaga.

Baada ya hapo usingizi ukaniishia. Kama saa kumi hivi wakaja wanne badala ya wawili kusoma sutta ndefu, Atanatiya, ya kuwakabidhi watu kwa wafalme wanne walinzi wa pande nne za dunia, na sauti yake ni tofauti kabisa, ya juu, ya haraka, karibu ya ukali, kama watu wanaotoa amri. Mbwa wa jirani walianza kubweka. Mtoto tumboni akaanza kucheza, teke juu ya teke, na akka akaweka mkono akalia kidogo. Mi sikulia, nilikuwa nahitaji choo tangu saa tisa naona aibu kuacha uzi. (Unaweza kuuacha, nilikuja kuambiwa. Unampa wa pembeni, unaenda, unarudi.)

Kulipoanza kupambazuka wote kumi na wawili wakarudi kibandani, wakasoma tena zile tatu za mwanzo, wakafunga. Sisi tukajibu sadhu, sadhu, sadhu, yaani vyema, sauti zimekauka. Mtawa mkuu akachovya kifungu cha majani kwenye mtungi akaturushia maji, mengine wanakumiminia kiganjani unakunywa na unajipaka kichwani. Mi ndo nkakumbuka bibi zetu wa Tanga na maji ya kombe, na sisi Wakatoliki na maji ya baraka, nkaona binadamu wote kiu yetu moja. Alafu uzi wa ule mpira ukakatwa vipande, watawa wanamfunga kila mtu mkononi huku wanasema maneno, mara tatu fundo. Kwangu mtawa alifunga kwa kushika ncha tu, bila kugusa ngozi, maana mtawa hamgusi mwanamke.

Mimi na Amma tukabakizwa. Mtawa mkuu akachukua chupa ya maji ya ule mtungi, akanisomea aya moja fupi peke yake, ya Angulimala. Kisa chake akanihadithia mume wangu akitafsiri: Angulimala alikuwa muuaji, anavaa vidole vya aliowaua shingoni, akaacha akawa mtawa. Siku moja akaona mwanamke anahangaika na uchungu wa kuzaa, akarudi kwa Budha ana huzuni. Budha akamwambia nenda kamwambie, tangu nizaliwe sijawahi kuua kiumbe kwa makusudi, kwa ukweli huo uwe salama. Angulimala akasema lakini huo utakuwa uongo, nimeua wengi. Basi sema, tangu nizaliwe katika uzao huu mtukufu, yaani tangu niwe mtawa. Akaenda akasema, na mama na mtoto wakawa salama. Maneno ya mwisho ni sotthi te hotu, sotthi gabbhassa, usalama kwako, usalama kwa mimba yako.

Ndo hapo niliposhika lile aliloniambia mume wangu wiki mbili nyuma. Hata kwa kumwokoa mwanamke aliye kwenye uchungu yule mtu hakuruhusiwa kusema uongo mdogo, ikabidi sentensi irekebishwe mpaka iwe kweli ndo ifanye kazi. Nilirudia kichwani asubuhi nzima.

Kabla sisi hatujaweka kitu mdomoni, chakula cha kwanza kikawekwa mbele ya sanamu ya Budha, sahani ndogo ya kila kitu, alafu watawa. Kila sahani inakabidhiwa mkononi, huwezi kuweka mezani ukaondoka ukategemea ajichukulie, asipopewa hali. Wali wa nazi uliokatwa vipande vya almasi, sambal ya pilipili, ndizi, dengu, na sasa maziwa ruksa, nkachemsha birika langu la Kitanga kwa mara ya pili na likanywewa lote, mtawa mkuu vikombe viwili. Wakapewa zawadi, ile seti ya mahitaji manane ya mtawa, majoho matatu na bakuli na mkanda na wembe na sindano na kichujio cha maji. Mwisho baba mkwe na mume wangu wakashika birika dogo pamoja wakamimina maji kwenye kikombe kilichokaa ndani ya bakuli, taratibu, mpaka kikombe kikafurika, watawa wanasoma, kwamba kama mito inavyojaza bahari thawabu hii iwafikie ndugu waliokufa. Amma aligusa mkono wa baba mkwe, akka akagusa wa Amma, wakaniita nami nkagusa. Nilimtaja marehemu baba yangu kimoyomoyo, kwa Kiswahili.

Nilijifungua wiki tano baadaye. Sio rahisi, uchungu saa kumi na tisa, na mwisho nkapelekwa kupasuliwa maana mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nesi alitaka kuukata uzi kabla ya kuingia, akaangalia, nadhani naye ana wake nyumbani, akauzungushia plasta juu yake akauacha. Amma hakuwahi kusema pirith ndo iliyofanya wala haikufanya, mi pia sisemi. Uzi ulikatika wenyewe nikiwa nafua nepi, mwezi wa tatu, nkampelekea, akaenda kuuweka kwenye shina la asmini.

Ile chupa ya Angulimala ilibaki nusu kwenye friji, mlangoni, imeandikwa jina kwa Kisinhala ambacho mi sisomi haraka. Mdogo wake mume wangu alitoka kucheza kriketi jua kali akaifungua akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Amma alimwangalia, akauliza, sasa na wewe unajifungua lini?